Mapambo na MC wa Harusi Dar: Kazi Zetu za Karibuni na Tarehe Zilizobaki Mpaka Aprili 2027

Jumatatu, 7 Septemba 2026

Wapendwa habari za wikiendi, wengi mlikuwa mnaulizia picha za juzi Jumamosi basi ndio hizi, telezesha kidole mpaka mwisho maana nzuri zote ziko nyuma.

Harusi ilikuwa Mbezi Beach, wageni 300, rangi damu ya mzee na krimu, dhahabu tumeigusa kidogo tu. Bibi harusi alikuja kwetu mwezi wa pili na picha kibao kwenye simu, kila moja na staili yake, tukamwambia dada hebu tuanze na ukumbi, dari ya huko iko juu kiasi gani? Maana maua ya kuning'iniza yanataka dari ndefu, ukilazimisha kwenye dari fupi mgeni wa meza ya nyuma haoni maharusi kabisa, anaona maua tu. Dari ya pale ni ya kawaida kwahiyo juu tuliacha na taa peke yake, hela yote tukaishusha jukwaani na mlangoni. Angalia picha ya pili mwone jukwaa lilivyojaa.

Picha ya nne ni ya karibu, nimeiweka makusudi kwa wale wanaouliza kwanini maua freshi yana bei. Hayo mawaridi yametoka Arusha, yamesafiri usiku kwenye maboksi, yakifika tu yanakatwa vikonyo mshazari na kutumbukizwa kwenye ndoo za maji, yanaachwa yanywe. Yale majani ya nje yaliyokunjamana yanatolewa moja moja kwa mkono. Halafu sponji ya kuchomekea, ile ya kijani, unaiweka juu ya maji unaiacha izame yenyewe taratibu, ukiikandamiza kwa haraka katikati inabaki kavu na ua ulilochomeka hapo saa 3 usiku limeshalala. Kwa joto la Dar hiyo kazi haina njia ya mkato.

Kitu kimoja naomba maharusi wote mkishike, mkienda kuulizia ukumbi wa Jumamosi ulizeni pia Ijumaa usiku kuna shughuli gani. Kama kuna sherehe ya watu wengine inaisha saa 8 usiku sisi tunaingia alfajiri, hapo pambo kubwa kama hili linakuwa shida. Hapa Ijumaa ukumbi ulikuwa wazi, tukaingia mchana tukapamba kwa raha na ndio maana mnaona hata vitambaa vya viti vimekaa sawa vyote.

Pambo kama hili kwa watu 300 ni milioni 4.8, ndani yake kuna jukwaa, meza kuu, njia ya kupita maharusi, mlango, meza ya keki, vitambaa na maua ya mezani. Bibi harusi wetu, hongera sana mdogo wetu, umependeza.


Alhamisi, 10 Septemba 2026

Leo naongea na wale wanaotaka kuoa na kuolewa mwakani, someni yote tafadhali kabla ya kuandika inboksi.

Mwaka 2027 kalenda imekaa kipekee. Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inategemewa kuanza siku hizohizo, kama tarehe 8 hivi kutegemea mwezi. Maana yake Wakristo wanaofunga Kwaresma na Waislamu wote wanakimbilia Jumamosi zilezile za mwanzo wa mwaka. Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo ni tarehe 6 Februari, na hiyo tarehe kwetu imeshaondoka tangu mwezi wa sita, msiulizie tena jamani inatuuma kuwajibu hapana. Januari kuna Jumamosi tano, tarehe 2, 9, 16, 23 na 30. Tarehe 23 na 30 zimechukuliwa. Tarehe 2 watu wengi wanaikwepa kwasababu ndugu wako mikoani na hela imeisha kwenye sikukuu na ada za shule, ila kama ndugu zenu wengi wako hapahapa Dar hiyo ni tarehe nzuri sana na kumbi nyingi zinakuwa na nafasi, mnaweza hata kuelewana bei.

Baada ya hapo Waislamu wanawahi kutoka. Idi inategemewa kati ya tarehe 9 na 11 Machi, kwahiyo mfungo mosi harusi zinaanza mara moja na Jumamosi ya tarehe 13 Machi tayari ina watu wawili wanaizungukia. Wenzetu wa Kwaresma mnasubiri Pasaka, 28 Machi, halafu Aprili ndio kunapasuka.

Sasa Aprili ni masika. Mtu asikudanganye kwamba atakupambia bustanini Aprili ukawa na amani, utalala unasikiliza mvua. Aprili chukua ukumbi wa ndani au hema kubwa lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na hema hilo lina gharama yake. Wanaotaka nje, bustani au ufukweni, subirini Juni mpaka Septemba, ila wa Kigamboni na Kunduchi mjue miezi hiyo kusi inavuma, pambo la nyuma la maharusi lazima liwe na fremu ya chuma na mifuko ya mchanga miguuni, sio vile vitambaa vyepesi mnavyoviona kwenye picha za nchi za watu.

Nawapa na siri moja. Jumapili tarehe 25 Aprili 2027, kesho yake Jumatatu ni Muungano, hakuna anayewahi kazini. Wageni wanakaa mpaka mwisho, hawaanzi kuaga mara tu baada ya chakula. Mpaka naandika hapa iko wazi kwetu, mapambo na MC.

Na kabla hujalipia chochote, anza kwa paroko, mchungaji au shehe wako. Wakatoliki mnajua kuna mafundisho na ndoa inatangazwa kanisani Jumapili tatu. Wa bomani sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Kuna watu wameprinti kadi kwanza ndio wakaenda kanisani wakakuta siku hiyo padri hayupo, wakaanza kupigia wageni simu mmoja mmoja. Utaratibu ni huu, nyumba ya ibada ikubali, ukumbi uwe na nafasi, mapambo na MC tuthibitishe, halafu ndio kadi. Rangi za sare tutaongea baadae, rangi hazikimbii.


Jumatatu, 14 Septemba 2026

Video ya leo ni ya kaka yangu, mimi napamba yeye anashika maiki. Hii ni sendofu ya Tabata Ijumaa ya tarehe 28 Agosti, wageni 180, rangi pichi na nyeupe.

Nataka muangalie kuanzia dakika ya pili pale kwenye utambulisho. Baba mzazi wa binti alishafariki. MC asiyeuliza angesimama na sauti kubwa "tunamuomba baba mzazi asogee", ukumbi mzima unanyamaza, mama analia, na sherehe ikishapoa hapo kuirudisha ni kazi. Kaka huwa anakaa na familia wiki moja kabla na swali lake la kwanza ni nani hayupo, la pili nani anasimama badala yake. Hapa alisimama baba mdogo. Sikilizeni alivyomuita, "baba yetu mdogo aliyebeba nafasi ya kaka yake, njoo umshike mwanao mkono", na matarumbeta yakaingia hapohapo. Mama alisimama akacheza, jamani, mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nimeshika pini machozi yananitoka.

Na majina. Kaka anaandika majina ya wazee wote kwenye karatasi vile yanavyotamkwa, anampigia shangazi mtu anayasoma mbele yake mpaka aambiwe hapo sawa. Mzee akitoka Rombo au Bukoba akasikia jina lake limetamkwa vizuri anakaa vizuri kwenye kiti, na hata kwenye kutunza mkono unafunguka.

Watu wanauliza MC anachekesha? Anachekesha ndio, lakini kazi yake kubwa ni saa. Ukumbi una muda wake wa kufunga, ndafu inaingia saa ngapi, keki saa ngapi, nasaha za wazazi dakika ngapi, dijei anapewa muda gani watu wacheze. Maharusi wakichelewa saluni mpaka saa 3 yeye ndio anajua kipi kikatwe bila ukoo wowote kujisikia umesahaulika. Tabata kila kitu kiliisha na watu wakacheza zaidi ya saa nzima.

MC peke yake ni laki 8, ukimchukua pamoja na mapambo yeye unamlipia laki 6. Mikoani tunaenda, Desemba yote kaka anakuwa Moshi na Arusha kwahiyo wa Dar mnaotaka Desemba mseme mapema tumpange MC mwenzake ambaye tunafanya nae kazi, na mtakutana nae kabla, hatukuletei mtu usiyemjua.


Ijumaa, 18 Septemba 2026

Tarehe zilizobaki mpaka leo asubuhi. Desemba 2026 Jumamosi ya tarehe 5 tu, tarehe 12, 19 na 26 zimejaa. Januari tarehe 2, 9 na 16. Machi tarehe 13 bado haijalipiwa, ila mnajua wanaoizungukia. Aprili tarehe 3 imeenda leo hii, zimebaki 10, 17, 24 na ile Jumapili ya 25.

Mnisikilize vizuri kuhusu kushika tarehe kwasababu hapa ndio watu wanaumia. Kutuma meseji "dada niwekee" sio kushika tarehe. Tunakuwekea siku tano ili uongee na mwenzio na ukumbi, baada ya hapo anayelipa asilimia 30 ndio mwenye siku. Najua mnasubiri kamati, kikao cha kwanza, ahadi za michango, na ahadi zinaingia kwa wingi wiki mbili za mwisho, wote tunajua. Ushauri wangu ni maharusi wenyewe mtoe hiyo asilimia 30 mfukoni, kamati ikianza kukusanya iwarudishie, muandike kabisa kwenye bajeti ya kwanza. Nyingine asilimia 50 mwezi mmoja kabla, na iliyobaki siku tatu kabla maana maua ya Arusha tunalipia kabla hayajapakiwa. Ukihitaji kusogeza tarehe tuambie siku 60 kabla, hela yako inahamia tarehe mpya kama iko wazi. Yote haya yako kwenye mkataba, na risiti unapewa.

Halafu pande zote mbili muongee. Sendofu inasimamiwa na upande wa binti, harusi upande wa kijana, kamati mbili tofauti, mara nyingine kila moja imemtafuta mpambaji wake na tarehe zimekaribiana mpaka wageni wale wale wanachangishwa mara mbili ndani ya wiki moja. Mkituchukua kwa zote mbili kuna punguzo la laki 5 na vitambaa tunabadilisha, hakuna atakayeona pambo lilelile.

Ukija inboksi andika tarehe, ukumbi, idadi ya wageni na bajeti yako ya kweli, hata kama ni milioni 1.5 sema, tunajua cha kufanya na milioni 1.5 ya watu 100. Ofisi iko Sinza, Jumanne mpaka Ijumaa kuanzia saa 4 asubuhi, mje wawili, na kama kamati imeshaundwa mje na mweka hazina.