Ombi la ushauri: nusu saa mara nne kuhusu chumvi ya visima vya Kigamboni (ukishindwa, hakuna neno)

Shikamoo Profesa,

Naitwa Zuhura, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya rasilimali za maji hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naomba ushauri wako katika jambo moja la utafiti wangu: namna ya kujua kama chumvi iliyomo kwenye kisima kifupi cha Kigamboni imetoka baharini au imetoka chooni.

Nakuandikia wewe kwa sababu kazi zako za visima vya pwani hazikuishia kupima EC na kutangaza kwamba maji yana chumvi. Uliufikia uwiano wa kloridi na bromidi, kisha ukaeleza wazi ni visima vipi ambavyo uwiano huo haukuweza kuvitolea uamuzi. Visima vya namna hiyo ndivyo vinavyonihangaisha.

Ninachoomba ni vikao vinne vya nusu saa: mwisho wa Julai kabla sijachagua visima, mwisho wa Agosti kabla ya kwenda kuchukua sampuli, Novemba majibu ya maabara yakishatoka, na Januari nikiwa naandika matokeo ya awali. Siku tatu kabla ya kila kikao nitakutumia ukurasa mmoja wenye maswali yasiyozidi matatu. Nitakuja ulipo, au tuzungumze kwa simu, lolote lililo jepesi kwako. Kumbukumbu za kikao nitaandika mimi.

Msimamizi wa tasnifu ninaye na anajua kwamba nakuandikia. Yeye ni mtu wa mitandao ya mabomba, na ndiye aliyenishauri nitafute anayeijua kemia ya maji ya ardhini. Kwa hiyo sikuombi kunisimamia, kusaini fomu, kuniandikia barua ya mapendekezo, fedha wala nafasi ya maabara.

Kama vikao vinne ni vingi, cha Agosti peke yake ndicho kitakachonifaa kuliko vyote, maana kosa la kwenye kisima halirekebishiki maabara. Kama hicho nacho ni kigumu, mwisho kabisa wa maelezo haya kuna swali moja linalojibika kwa sentensi mbili.

Na kama ratiba hairuhusu, neno "haiwezekani" linatosha, bila sababu. Nisipopata jibu hadi Ijumaa tarehe 18 Julai nitaelewa kwamba nafasi haikupatikana. Sitakukumbusha, sitapiga simu, wala sitampitia mtu mwingine akufikishie ombi. Kazi haitasimama: nitabaki na vipimo ninavyovimudu na kupunguza dai la tasnifu. Tukikutana kwenye semina nitakuamkia kama siku zote.

Maelezo nimeyaweka chini ya jina langu ili usilazimike kufungua kiambatisho. Si lazima uyasome ndipo ujibu.

Kwa heshima,
Zuhura

MAELEZO YA KAZI

Swali. Katika visima visivyozidi mita 20 kati ya Mjimwema na Kibada, ni vipi vimeingiliwa na maji ya bahari, na ni vipi vimepata chumvi kutoka kwenye vyoo vya shimo na makaro? Wenye visima wanajua tu kwamba hapa pana maji baridi na pale maji chumvi. Lakini dawa zake hazifanani. Kisima kilichoingiliwa na bahari kinahitaji kuvutwa kidogo, na kuchimba zaidi kunaweza kukiharibu: kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takribani mita 40 chini yake, kwa hiyo kushusha maji kwa nusu mita kunaweza kupandisha chumvi kwa mita 20 pale hali itakapotulia. Kisima cha choo, ukipunguza kuvuta hakiponi. Hicho ni hatari ya kiafya hata kama ladha yake ni nafuu.

Visima. Nimepanga 30, katika mistari mitatu inayotoka ufukweni kuelekea bara. Umbali nitaupima hadi kwenye maji ya chumvi yaliyo karibu zaidi, si hadi bahari kuu tu. Kigamboni ina maji ya chumvi pande mbili, bahari mashariki na mkono wa bahari unaoingia bandarini hadi Mzinga upande wa magharibi, na kisima cha Kibada kinaweza kuonekana kiko mbali na ufukwe wakati kiko jirani na mikoko. Kila kisima kitapimwa pia umbali wa choo kilicho karibu, kina cha maji, na urefu wa mdomo wa kisima kutoka usawa wa bahari. Hapo kwenye urefu simu ya mkononi haifai, kwa sababu kosa lake la mita kadhaa ni kubwa kuliko tofauti ninayoitafuta. Nitatumia mashine ya kupimia ardhi.

Misimu. Mzunguko wa kwanza ni mwisho wa Septemba kabla ya vuli, wa pili ni Juni baada ya masika. Masika ikipandisha nitrati huku kloridi ikishuka, choo kinashukiwa zaidi, kwa kuwa mvua inasukuma uchafu wa juu chini wakati ule ule inapoipunguza chumvi ya bahari.

Kuchukua sampuli. Kisima cha pampu kitavutwa hadi EC, joto na pH vitulie katika vipimo vitatu mfululizo. Kisima cha ndoo hakivutwi hivyo, kwa hiyo nitashusha chupa yenye uzito hadi chini ya uso wa maji, maana tabaka la juu hupokea vumbi, mvua na maji yaliyomwagika. EC itaandikwa ikiwa imerekebishwa hadi nyuzi 25. Maji ya visima vyetu ni ya moto kuliko hapo, na kila nyuzi moja inaongeza takribani asilimia 2, kwa hiyo mashine isiyorekebisha inakionyesha kila kisima kuwa na chumvi zaidi.

Kila kisima kitakuwa na chupa mbili, zote maji yake yamechujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45. Ya sodiamu, kalsiamu na magnesi itatiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ya kloridi, bromidi, nitrati na salfeti haitiwi asidi kabisa, kwani asidi hiyo ni nitrati tupu na tone moja linafuta utafiti mzima wa choo. Kwa hiyo vifuniko vitakuwa vya rangi mbili, na asidi itashikwa na mtu mmoja tu. Chupa zitakaa kwenye boksi la barafu, na nitrati itasomwa ndani ya saa 48. Alkalini nitaipima pale pale kisimani. Sampuli ambayo chaji chanya na hasi zinapishana kwa zaidi ya asilimia 5 itarudiwa kabla ya kutumika.

Kutofautisha. Maji ya bahari yana uwiano wa kloridi kwa bromidi wa takribani 290 kwa uzito. Chumvi ya jikoni imepoteza sehemu kubwa ya bromidi wakati wa kuganda, kwa hiyo maji ya choo huupandisha uwiano huo. Kwa sodiamu na kloridi, bahari ni 0.86 kwa moli. Bahari inapoingia kwenye mchanga uliokuwa na maji baridi, sodiamu hunaswa na udongo na kalsiamu hutolewa, kwa hiyo uwiano hushuka chini ya hapo. Maji ya choo huelekea 1 au zaidi.

Napaona pabovu mahali pawili. Kwanza, mvua ya pwani nayo imebeba chumvi ya bahari, kwa hiyo kisima chenye kloridi kidogo kinaweza kuonyesha 290 bila bahari kukigusa. Ndiyo maana nafikiria kutotoa uamuzi wowote kwa bromidi pale kloridi ilipo chini ya miligramu 200 kwa lita. Pili, nitrati ndogo haimwondolei choo lawama. Palipo na oksijeni kidogo nitrati huliwa na bakteria, au naitrojeni hubaki kuwa amonia, hivyo nitapima amonia na oksijeni kisimani. Na maabara itaandika wazi kama jibu ni nitrati au ni naitrojeni ya nitrati. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita kwa nitrati, ambacho ni kama 11 tu kwa naitrojeni. Ukivichanganya, kisima kibaya kinapita.

Ruhusa. Kila mwenye kisima ataombwa ridhaa kwanza na atapewa majibu ya kisima chake kwa Kiswahili. Serikali ya mtaa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu nitawaandikia kabla ya mzunguko wa kwanza. Kwenye ramani itakayochapishwa, alama zitasogezwa ili kisima kisijulikane ni cha nyumba ipi.

Swali moja, kama ndilo pekee litakalowezekana. Chukua kisima chenye kloridi miligramu 600 kwa lita. Mashine ya kutenganisha ayoni inataka sampuli izimuliwe mara 50 ili kilele cha kloridi kisijae, lakini bromidi inayotarajiwa, kama miligramu 2, inashuka hadi 0.04, chini ya 0.1 ambayo mashine tuliyo nayo inaweza kuisoma. Nafikiria kuipitisha kila sampuli mara mbili: iliyozimuliwa mara 50 kwa kloridi, na iliyozimuliwa mara 5 kwa bromidi, ingawa hapo kilele cha kloridi kitavimba na kuisogelea bromidi. Je, katika visima vya kiwango hicho ungeiamini bromidi iliyosomwa pembeni ya kilele kilichovimba, au ungeiacha na kutegemea sodiamu na kalsiamu?