Jaribio la Jiografia: Ziwa Tanganyika

Darasa la Saba, Kigoma. Dakika 12. Alama 10, mbili kwa kila swali.

Maswali yametoka kwenye picha ya ukurasa wa kitabu iliyotumwa kwenye kundi la wosapu la darasa. Usome wote, kisha zima simu. Kona ya chini ya ramani imeingia kivuli na majina yake hayasomeki, kwa hiyo hakuna swali la pale. Andika herufi moja tu. Ukiandika mbili, swali hilo ni sifuri.

1. Bonde la ziwa hili lilitokea vipi?
A. Volkano ililipuka ikaacha shimo
B. Ardhi ilipasuka, sehemu ikadidimia
C. Mchanga uliziba mto
D. Barafu ilichimba ardhi

2. Maji ya ziwa hutoka kupitia mto upi?
A. Malagarasi
B. Ruzizi
C. Lukuga
D. Rufiji

3. Sentensi ipi ni sahihi?
A. Lina kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika
B. Lina eneo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika
C. Lina kina kirefu kuliko maziwa yote duniani
D. Lina kina kifupi kuliko Ziwa Viktoria

4. Kwa nini samaki hawaishi kwenye vilindi vya ziwa?
A. Kuna giza
B. Maji yameganda
C. Kuna chumvi nyingi
D. Maji hayana oksijeni

5. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku. Mbalamwezi ikiwaka, mavuno hupungua. Kwa nini?
A. Dagaa hulala
B. Taa haziwavuti vizuri
C. Maji hupata joto
D. Nyavu hukatika

Majibu, kwa anayesahihisha

1-B, 2-C, 3-A, 4-D, 5-B.

Swali la 2 ndilo litakalowaangusha wengi. Malagarasi wanaujua tangu utotoni, lakini huo unaingiza maji, na Ruzizi vilevile, ukitokea Ziwa Kivu. Lukuga huyapeleka Kongo. Aliyechagua A au B mrudishe kwenye ramani afuate mishale kwa kidole. Aliyechagua D hajausoma ukurasa.

Kwenye la 3, aliyejibu C amesahau Baikal. Tanganyika hufika mita 1,470 hivi na ni la pili duniani. Aliyejibu B amechanganya kina na eneo: kwa eneo, Viktoria ndilo kubwa.

La 4, usimpe alama aliyejibu A. Ni kweli kuna giza, ila giza peke yake haliui samaki. Baharini wako wanaoishi gizani maisha yao yote. Tatizo ni kwamba maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, hivyo oksijeni haifiki huko.

La 5 halina jibu lililoandikwa ukurasani. Kitabu kinasema tu dagaa hufuata mwanga. Mwanafunzi aunganishe mwenyewe kwamba ziwa lote likiwa na mwanga, taa ya mtumbwi haiwakusanyi.