KUKUMBUSHA DENI LA KODI YA NYUMBA

Tabata Kimanga, Dar es Salaam
Jumatatu, 7 Julai 2025

Baba Salma,
Mpangaji wa vyumba viwili na sebule, upande wa uani.

YAH: DENI LA KODI, APRILI HADI JUNI 2025

Habari za nyumbani. Nimeona niandike, maana kwa mdomo tumeshaongea vya kutosha.

Kwa mkataba tuliotia sahihi, kodi ni shilingi 180,000 kwa mwezi na inalipwa miezi mitatu mitatu, mwanzoni. Januari hadi Machi ulilipa kwa wakati, na hilo sijalisahau. Aprili hadi Juni ilikuwa shilingi 540,000. Ukanipa 140,000 tarehe 9 Mei, na risiti yake unayo. Imebaki 400,000. Ongeza mgao wako wa bili ya maji ya Mei na Juni, shilingi 23,500, ambao nilishakulipia ili bomba lisikatwe kwa wote.

Jumla ninayokudai ni shilingi 423,500.

Tarehe 30 Mei tulikutana pale bombani ukaniambia, "Jumatatu mama, naleta zote." Jumatatu tano zimepita, leo ni ya sita. Simu sasa inaita mpaka inakatika. Najua pikipiki yako ilikaa kwa fundi mwezi mzima, na ungekuja tukazungumza ningekusikiliza. Kinachoniudhi ni kukwepana getini kama watu wasiojuana.

Nataka fedha hizo zote ziwe zimenifikia kabla ya saa 12 jioni, Jumamosi tarehe 19 Julai 2025. Tuma kwa namba yangu ileile ya siku zote, au niletee mkononi nikuandikie risiti hapohapo. Usimpe mtu mwingine hapo nyumbani, hata kijana wangu.

Kodi ya Julai hadi Septemba nayo imeshaanza kudaiwa, na haimo kwenye hesabu ya hapo juu. Ukimaliza deni la nyuma kwa tarehe hiyo, nitakuruhusu hii ulipe mwezi kwa mwezi: 180,000 ya Julai iwe imeingia kufikia tarehe 31. Usipomaliza, ruhusa hiyo haipo.

Kufunga mlango wako kwa kufuli au kukutolea vyombo nje sitafanya. Lakini tarehe 19 ikipita bila malipo, Jumatatu tarehe 21 nitapeleka mkataba na daftari langu ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti atuite wote wawili. Tusipoelewana pale, nitafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kudai fedha zangu na nyumba yangu.

Kama kuna hesabu unaona haiko sawa, njoo na risiti zako siku yoyote kabla ya Ijumaa hii tarehe 11, baada ya saa 10 jioni. Nitakuwepo.

Msalimie Mama Salma.

Mama Zuhura
Mwenye nyumba