Haikutoshi? Rudisha. Haikupendezi? Badilisha. Utaratibu wetu mpya huu hapa 💛

Habari zenu wapendwa wateja wetu! Swali tunaloulizwa kila siku inboksi ni hili: "Nikinunua isiponitosha itakuwaje?" Ni swali la haki kabisa. Unalipia nguo ambayo hujaishika wala kuijaribu, kwa hiyo lazima ujue mapema mlango wa kurudi uko wapi. Tumeuandika wote hapa ili mtu yeyote asilazimike kubembeleza. Usomaji ni mrefu kidogo, chukua kiti.

Muda wako ni siku 7

Tunaanza kuhesabu siku inayofuata ile uliyopokea mzigo, wala si siku uliyolipa. Ukipokea Jumatatu, siku ya kwanza ni Jumanne, na mwisho ni Jumatatu inayofuata saa 12 jioni. Ndani ya muda huo unachotakiwa kufanya ni kututumia ujumbe tu. Mzigo wenyewe unaweza kutufikia baadaye, mradi uwe umeupeleka kwa msafirishaji ndani ya siku 3 tangu tukujibu. Kwa hiyo usiogope kama unakaa mbali.

Nguo irudi ikiwa katika hali gani?

Irudi kama ilivyofika: lebo ya karatasi bado inaning'inia, haijafuliwa, haijapigwa pasi, haijapelekwa kwa fundi. Kuijaribu ni haki yako. Vaa, jitazame kwenye kioo, kaa kitini, inua mikono, piga hatua mbili tatu. Ila tunaomba uijaribu kabla ya kujipaka chochote. Nguo nyingi tunazoshindwa kuzipokea hazijachanika wala kuchafuka sana. Utakuta ukosi una mstari wa faundesheni, kwapani kuna alama nyeupe za dawa ya kwapa, au kitambaa kimeshika marashi. Polista hasa huganda na harufu, na ukiifua kuitoa inakuwa si mpya tena. Mteja anayefuata naye analipia nguo mpya. Ukiwa na vipodozi usoni, funika uso kwa mtandio mwepesi wakati wa kupitisha nguo kichwani. Inasaidia sana.

Lebo ukishaikata, nguo tunaihesabu kuwa umeikubali. Kwa hiyo mkasi uwe wa mwisho kabisa, baada ya kuamua.

Hatua zenyewe

1. Tuandikie inboksi namba ya oda (iko kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mzigo), nguo unayorudisha, na unachotaka: saizi nyingine, rangi nyingine, nguo nyingine, au pesa yako. Ambatisha picha 2: moja ya nguo nzima ikiwa imetandazwa, nyingine ya lebo. Kama kuna kasoro, ongeza ya tatu, ya karibu, mahali penye mwanga wa mchana.

2. Tunajibu ndani ya saa 24, Jumatatu hadi Jumamosi. Jibu litakuwa na namba ya kurudishia. Kwa oda 2417, kwa mfano, namba yako itakuwa RD-2417, pamoja na anwani ya kutuma. Tafadhali usitume kabla ya kuipata. Mzigo usio na namba unakaa pembeni kwa sababu hatujui ni wa nani wala mwenyewe anataka nini.

3. Kunja nguo, iweke kwenye mfuko wake wa nailoni, kisha andika namba ya RD na jina lako kwenye kipande cha karatasi na ukiweke ndani. Nje andika pia, lakini ya nje huloa na kufutika njiani. Ya ndani ndiyo inayotuokoa.

4. Tuma, na utunze risiti ya msafirishaji mpaka tukuambie "tumepokea". Mzigo ukipotelea njiani, risiti hiyo ndiyo njia pekee ya kuufuatilia.

5. Ukifika tunaukagua ndani ya siku 2 za kazi na kukuletea majibu. Kama tumeikataa nguo, tunakutumia picha ya tulichokiona, si maneno matupu.

Nani analipa usafiri?

Kosa likiwa letu (tumetuma saizi siyo, rangi siyo, au nguo ina kasoro), sisi tunalipa kuja na kurudi. Hulipi hata senti.

Ukibadilisha kwa sababu haikutosha au hukuipenda, wewe unalipa kuileta, sisi tunalipa kukupelekea nyingine. Hii ni kwa badilisho la kwanza la kila oda. La pili, usafiri wa pande zote ni wako. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo hapo chini.

Ukitaka pesa badala ya nguo nyingine, tunakurudishia bei ya nguo. Nauli ya kukuletea mara ya kwanza hairudi, kwa sababu tayari imekwenda kwa msafirishaji. Isipokuwa kosa ni letu. Hapo inarudi yote.

Kubadilisha

Ukishapata namba ya RD, saizi unayoitaka tunaiweka pembeni kwa jina lako kwa siku 5. Mzigo wako ukichelewa zaidi ya hapo, tupe taarifa tuiongezee muda, la sivyo inarudi rafu. Nguo mpya ikiwa na bei kubwa zaidi, unaongeza tofauti. Ikiwa na bei ndogo, tunakurudishia tofauti hiyo, hatukulazimishi kuichukulia soksi. Saizi ikiwa imekwisha, chaguo ni lako: nguo nyingine au pesa.

Pesa inarudi lini na wapi?

Ndani ya siku 3 za kazi baada ya ukaguzi, kwa njia ileile uliyolipia. Ulilipa kwa simu, inarudi kwenye namba ileile iliyolipa. Hatutumi kwenye namba nyingine hata ukituomba, kwa usalama wako, maana mtu akikuibia akaunti yako ndicho kitu cha kwanza atakachojaribu. Uliyelipa taslimu mzigo ulipofika, tutakuomba namba ya simu, na jina lililosajiliwa lilingane na la oda.

Ulinunua kwa punguzo? Tunarudisha ulicholipa hasa. Nguo 3 zikiwa na punguzo la asilimia 10 na ukarudisha moja, unapata bei ya hiyo moja ikiwa imeshatolewa asilimia 10. Na nguo zinazouzwa kwa seti, kama blauzi na sketi yake, zinarudi pamoja. Blauzi ikibaki peke yake hatuna wa kumuuzia.

Zisizorudi

Chupi, sidiria, boksa, nguo za kuogelea, soksi na hereni hazirudi wala hazibadilishwi, kwa ajili ya usafi wa ngozi yako na ya mwenzako. Vilevile nguo tulizokushonea kwa vipimo vyako mwenyewe, au tulizopunguza urefu kwa maombi yako. Nguo za bei ya kumalizia hubadilishwa saizi tu, hazirudishiwi pesa. Lakini zote hizi zikifika na kasoro, au tukiwa tumekosea oda, tunawajibika kama kawaida.

Kasoro tunazozikubali, hata baada ya kuvaa

Mshono kuachia wenyewe, zipu kukataa, kifungo kudondoka, au kitambaa kuwa na tundu la kiwandani: una siku 30, hata kama nguo imeshafuliwa. Kwanza tunakushonea au kukubadilishia, na isipowezekana tunakurudishia pesa.

Kuhusu mishono, angalia kwa makini kabla ya kupiga picha. Uzi ukiwa umekatika na kitambaa ni kizima, mara nyingi hilo ni letu. Kitambaa chenyewe kikiwa kimevutika na kuachia vitundu vidogo vidogo kando ya mshono, mara nyingi nguo ilikuwa inabana, na hiyo ni habari ya saizi. Tupigie picha nje na ndani, tutaangalia pamoja. Tukishindwa kujua kwa hakika, tunakupa haki wewe.

Kusinyaa au kuchuja ni tofauti kidogo. Pamba na viskosi husinyaa kwenye maji ya moto, na nguo nyeusi, nyekundu au ya jinzi hutoa rangi kidogo mifuo ya mwanzo. Ifue peke yake, maji baridi. Kibandiko kilichoshonwa ndani kina alama: beseni lenye namba 30 maana yake maji yasizidi nyuzi joto 30, pembetatu iliyopigwa X ni usitie dawa ya kung'arisha, mraba wenye duara uliopigwa X ni usikaushe kwa mashine. Umezifuata zote na bado imeharibika? Tuletee.

Na ili usihitaji kurudisha kabisa

Herufi ya saizi haitoshi, M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, itandaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili. Ukipata sm 49, kifua cha nguo ni sm 98. Linganisha na vipimo tulivyoweka chini ya kila picha. Vyote ni vya nguo, si vya mwili. Kama unajipima mwilini na kitambaa hakivutiki, ongeza sm 5 hadi 8 ili uweze kupumua na kuinua mikono: kifua cha sm 92 kinataka nguo ya sm 97 hadi 100. Kwa suruali na sketi, pima nyonga sehemu pana kabisa, maana wengi hupima kiuno tu na suruali inagoma mapajani.

Rangi nazo hubadilika kulingana na kioo cha simu. Ukiwa na shaka, tuombe video ya mwanga wa mchana kabla ya kulipa.

Ukipokea mzigo, piga video fupi ukiufungua, kuanzia kibandiko cha nje ambacho tumeandika uzito. Si sharti, ila kama kitu hakimo, tunalimaliza siku hiyohiyo.

Utaratibu huu unahusu oda zote zitakazolipiwa kuanzia leo. Uliyeagiza ndani ya siku 7 zilizopita na nguo bado ina lebo, nawe umo. Hifadhi chapisho hili, na swali lolote tuachie hapo chini au inboksi, tunajibu saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni 💛