Barua kwa Mkuu wa Shule: Pendekezo la Mpangilio Mpya wa Vitabu Rafuni

Maktaba ya Shule,
3 Novemba 2025.

Mkuu wa Shule,
K.K. Mwalimu wa Taaluma.

YAH: PENDEKEZO LA KUBADILI MPANGILIO WA VITABU RAFUNI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Vitabu vyetu 2,140 vimepangwa kwa namba za daftari la usajili, yaani kwa kufuata tarehe kila kitabu kilipopokelewa. Kwa sababu hiyo nakala za kitabu kimoja cha Kemia zimetawanyika katika rafu tatu, kwa kuwa zilifika katika miaka mitatu tofauti, na mwanafunzi hawezi kuzipata mpaka aniulize. Nilipougua mwezi Septemba wanafunzi waliingia na kutoka mikono mitupu, ingawa vitabu walivyovihitaji vilikuwamo humo humo.

Napendekeza vitabu vya ziada na rejea vipangwe kwa mada, kwa kufuata mfumo wa desimali wa Dewey, ambao huanzia 000 hadi 999. Hisabati huwa 510, Fizikia 530, Kemia 540 na Kilimo 630. Vitabu vya kiada visiingizwe humo, bali vibaki upande wa mlangoni kwa somo na kidato, kwa kuwa huazimwa kwa mikondo mizima na kurudishwa kwa pamoja.

Hata hivyo, sishauri tuufuate mfumo huo neno kwa neno. Lugha ya Kiswahili imewekwa 496.392 na fasihi yake 896.392, na kati yake husimama sayansi zote pamoja na sanaa, ilhali mwanafunzi wetu husoma sarufi na ushairi katika somo moja. Naomba makundi hayo mawili yakae rafu moja, huku kila kitabu kikibaki na namba yake mgongoni. Vivyo hivyo, Uislamu umepewa 297 pekee wakati Ukristo umetengewa sehemu kubwa ya 200. Namba hizo hatuwezi kuzibadili, lakini nafasi katika rafu tunaweza kuigawa kwa kadiri ya vitabu tulivyonavyo. Riwaya za Kiingereza zipangwe kwa herufi za jina la ukoo la mwandishi, maana wasomaji wake huzitafuta hivyo.

Daftari la usajili halitaguswa, na muhuri wa shule pamoja na namba ya awali vitabaki ndani ya jalada, hivyo ukaguzi wa mali hautaathirika.

Kazi hii itachukua wiki mbili za likizo ya Desemba, nikisaidiwa na wanachama sita wa klabu ya maktaba wanaoishi jirani na shule. Mahitaji ni rimu moja ya karatasi, gundi, na utepe wa plastiki wa kufunika lebo. Maktaba italazimika kufungwa kwa siku hizo, jambo ambalo muhula ukiwa unaendelea lisingewezekana.

Naomba kibali chako kabla ya tarehe 21 Novemba, ili niweze kuwaarifu walimu warejeshe vitabu walivyoazima.

Wako katika kazi,

Mkutubi wa Shule

Nakala: Wakuu wa Idara za Masomo