Barua ya Misri na Kifo cha Uthman: Saif bin Umar na Wakidi Ndani ya Tarehe ya Tabari

Khalifa wa tatu, Uthman bin Affan, aliuawa nyumbani kwake Madina mwaka 35 Hijria (656), baada ya kuzingirwa na watu waliotoka Misri, Kufa na Basra. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya siku zile imepita mikononi mwa Muhammad bin Jarir Tabari, mwandishi wa kitabu cha historia kiitwacho Tarehe, aliyefariki Baghdad mwaka 923, zaidi ya karne mbili na nusu baada ya tukio. Tabari hakusimulia kwa sauti moja. Alipanga riwaya za wapokezi mbalimbali, nyingine zikipingana waziwazi, na katika dibaji yake akatahadharisha kwamba msomaji akikuta habari ya kumchukiza, ajue imetoka kwa walioipokeza. Kwa hiyo anayeandika “Tabari anasema” juu ya kifo cha Uthman amekosea tangu mwanzo. La kuuliza ni nani anasema kupitia Tabari, na anataka nani atoke safi.

Hoja yangu ni kwamba upendeleo wa mpokezi haututoshi kumtupa. Unatuonyesha ni maneno yake yapi yahitaji ushahidi zaidi. Nitaipima hoja hiyo kwa kisa kimoja, cha barua.

Kwa Wakidi, mmoja wa wapokezi hao (alifariki 823), Wamisri waliondoka Madina wakiwa wameridhishwa kwa ahadi. Njiani wakamkamata mtumwa wa Uthman, juu ya ngamia wa Uthman, na barua yenye muhuri wa Uthman ikimwamuru gavana wa Misri awaadhibu. Wakarudi kwa hasira. Uthman akaapa kwamba hakuiandika, na shaka ikamwangukia binamu yake, Marwan bin al-Hakam. Hapa tukumbuke Wakidi aliishi wapi: alikuwa kadhi Baghdad chini ya Bani Abbas, waliowapindua wazao wa Marwan mwaka 750. Kumlaumu Marwan katika mji ule hakukumgharimu mtu chochote. Hata hivyo Tabari mwenyewe anakiri kwamba aliacha baadhi ya habari za Wakidi kwa sababu zilikuwa mbaya mno kuzitaja. Basi hata Wakidi tunayemsoma humo amekwisha kuchujwa, na mchujo nao ni upendeleo.

Saif bin Umar, Mtamimi wa Kufa aliyeishi hadi enzi ya Harun al-Rashid, anasimulia mengine kabisa. Kwake fitina imepangwa na Abdallah bin Saba, Myahudi wa Sanaa aliyesilimu, anayetoka mji hadi mji akiwachochea watu. Ndani ya Tabari, sura hii ya Ibn Saba inategemea riwaya za Saif. Faida yake iko wazi: lawama yote inamwendea mgeni, na masahaba wakubwa, Ali, Talha na Zubeir, wanabaki bila doa. Wahakiki wa hadithi walimwona dhaifu, wengine wakamtuhumu uzushi, ingawa Ibn Hajar, mwanachuoni wa hadithi, baadaye alimhesabu tegemeo katika historia. Wellhausen naye, mtaalamu wa Kijerumani, mwishoni mwa karne ya 19, alimshusha sana.

Lakini tazama Saif anavyoishughulikia barua. Angeweza kuiacha. Badala yake, anawarudisha waasi wote Madina kwa pamoja, kisha Ali anawauliza watu wa Kufa na Basra: mlijuaje yaliyowapata Wamisri, nanyi mlikuwa mmeshasafiri mbali kwa njia nyingine? Wanashindwa kujibu, wanasema tu kwamba hawamtaki tena mtu huyu. Swali hilo limetungwa kwa ustadi ili barua ionekane njama. Na hapo ndipo Saif anapotusaidia bila kukusudia: mtu hasumbuki kubomoa dai ambalo hakuna aliyelisikia. Dai la barua lilikuwa limeenea kiasi kwamba hata mtetezi wa masahaba hakuweza kulipita kimya.

Vyanzo vya nje ya Tabari vinasaidia kwa kiasi. Tarehe ya Kiarmenia inayonasibishwa kwa Sebeos, ya miaka ya 660, inajua kwamba majeshi ya Waarabu yaligawanyika na mfalme wao akauawa, na inaliona hilo kuwa kazi ya Mungu. Juu ya barua haitufikishi popote. Barua inayonasibishwa kwa Abdallah bin Ibadh, ambayo Waibadhi wa Oman na Zanzibar wanaijua, inamhukumu Uthman kwa matendo ya utawala wake. Hao hawakuhitaji Ibn Saba wala Marwan ili kueleza hasira ya watu.

Kwa ushahidi huu, naweza kusema kwa uthabiti kwamba Wamisri walirudi Madina wakidai wameshika barua, kwa kuwa wapokezi wenye nia zinazopingana wanakutana hapo. Kwamba Marwan aliiandika ni neno la wapokezi wasiokuwa na sababu ya kumhurumia; kwamba ilighushiwa na waasi ni neno la Saif, analolihitaji ili kisa chake kisimame. Mwandishi wa barua hathibitiki kwa riwaya hizi.