Kalenda ya Maombi ya Shahada ya Uzamili: Kigoma hadi Stirling, Machi 2026 hadi Septemba 2027

Mdogo wangu, kalenda hii inahesabu miezi kumi na minane kabla ya muhula wa Septemba 2027, kwa kozi ya ufugaji endelevu wa samaki katika Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti. Nimeanza na fedha badala ya chuo, kwa kuwa dirisha la ufadhili hufungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo, na anayesubiri barua ya udahili ndipo atafute mfadhili huwa amekwisha chelewa.

Machi na Aprili 2026. Linganisha majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, kitambulisho cha NIDA na cheti cha shahada, herufi kwa herufi. Jina lako la kati limeandikwa kwa namna mbili, hivyo nenda kwa wakili upate kiapo au hati ya jina mapema, maana ofisi zote zinazofuata zitauliza. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe RITA.

Mei. Omba pasipoti katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Ada ni shilingi 150,000. Unapaswa kwenda na nyaraka za wazazi pia, kwa hiyo mwombe mama vyeti vyake sasa, kabla hajasafiri kwenda Kasulu kwa mavuno.

Juni na Julai. Omba transkripti chuoni ulikosoma. GPA yako ya 3.9 ni daraja la pili la juu, nalo ndilo linalotakiwa kwa kawaida. Fanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS Dar es Salaam mwishoni mwa Julai. Vyuo vingi hudai wastani wa 6.5 bila sehemu kushuka chini ya 6.0, na matokeo hudumu miaka miwili, hivyo hayataisha kabla ya viza. Kwa treni safari ya kutoka Kigoma ni ya siku nzima na usiku wake, au zaidi. Fika siku mbili kabla. Ukikosa alama, unabaki na Septemba na Oktoba za kurudia.

Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba. Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi kuliko mahali pengine pote. Dirisha la Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Wanadai saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili, nawe unazo tangu ulipoajiriwa idara ya uvuvi. Utachagua kozi tatu, na baada ya masomo utalazimika kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Katika insha usiandike kwamba unapenda uongozi. Eleza ulivyowashawishi akina mama wa Katonga kukausha dagaa juu ya chanja badala ya mchangani, na ulivyokabili malalamiko ya wavuvi ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Andika rasimu ya kwanza Juni, ili Agosti uwe unasahihisha tu. Wajulishe ana kwa ana wadhamini wako wawili watakaokuandikia barua, mmoja wa chuoni na mmoja wa kazini.

Novemba 2026 hadi Januari 2027. Tuma maombi ya udahili kwa kozi zote tatu ulizochagua. Angalia pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kushirikiana na vyuo, ambao dirisha lake huwa katika kipindi hiki.

Februari hadi Aprili. Usaili wa Chevening. Jizoeze kwa sauti, si kwa kusoma karatasi.

Mei na Juni. Usisubiri jibu la mfadhili kupima kifua kikuu kwa ajili ya viza. Eksirei ikionyesha shaka, kipimo cha makohozi kinaweza kuchukua hadi wiki nane, na cheti chenyewe hudumu miezi sita. Majibu ya Chevening hutoka kwa kawaida Juni.

Julai. Barua ya udahili isiyo na masharti iwe mkononi kufikia tarehe iliyowekwa na mfadhili. Kisha chuo kitakupa namba ya CAS, nayo ndiyo inayofungua ombi la viza mtandaoni, na baada yake utakwenda Dar kutoa alama za vidole na picha. Uamuzi huchukua takriban wiki tatu. Ukiwa na ufadhili kamili, barua ya mfadhili inatosha kama ushahidi wa fedha. Ukijilipia, fedha hizo lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na utalipa pauni 776 kwa mwaka kwa ajili ya huduma za afya. Mimi na kaka yetu hatuwezi kuzikusanya kwa wiki nne, ndiyo maana Chevening ikikataa Juni tutaomba kuahirishiwa udahili hadi Septemba 2028, badala ya kukopa kwa haraka.

Agosti 2027. Tiketi, makazi, na nguo za baridi.